Mizani Mbili za Kujaza

Ijumaa ile kabla ya Jumapili ya pili ya Mei, binti yangu alirudi kutoka chekechea na kadi ya manila ya rangi ya waridi, imekunjwa katikati, gundi ikiwa bado mbichi. Nje kulikuwa na ua la krayoni lenye petali saba. Ndani kulibandikwa karatasi ya fotokopi yenye ubeti mmoja wa mistari minne. Jioni ile nikafungua grupu la wazazi kwenye simu, nikakuta mama mwenzangu kaweka picha ya kadi yake na vikopa vya machozi, halafu mwingine, halafu mwingine. Ua moja moja tofauti, ubeti uleule. Watoto wote darasani walikuwa wametushukuru kwa maneno mamoja.

Huu hapa:

*Mama yangu wa thamani, shukurani ninakupa,*
*Ulinibeba tumboni, miezi tisa kwa pupa,*
*Umenifunza ya dini, na elimu ukanipa,*
*Sikusahau moyoni, fadhila sitazitupa.*

Mwalimu aliyeutunga anajua kazi yake, na nataka hilo lieleweke mapema maana nitamsema kidogo. Hebu hesabuni. Kila mshororo una vipande viwili, kila kipande mizani nane, jumla sitini na nne na hakuna hata moja iliyodondoka. Kina cha kati ni *ni* toka juu mpaka chini, cha mwisho ni *pa*. Hata ile "shukurani" si makosa ya kuandika: amelivuta neno "shukrani" kwa mazida ili ipatikane silabi ya nne. Ni tarbia iliyonyooka kabisa, ya aina ambayo Kaluta Amri Abedi aliielekeza katika kitabu chake cha sheria za kutunga mashairi mwaka 1954, na ambayo wengi wetu tuliifanyia mtihani wa kidato cha nne.

Sasa soma tena mshororo wa pili. Miezi tisa kwa pupa.

Pupa ni nini? Ni ile haraka ya tamaa, mtu anapokula nyama ya moto akaungua ulimi. Mimba haibebwi kwa pupa. Mimba ndicho kitu pekee nilichowahi kufanya maishani ambacho pupa yangu yote haikukisogeza hata kwa siku moja. Neno limewekwa pale kwa sababu mshororo ulihitaji mizani tatu zenye kuishia na *pa*, na Kiswahili hakina maneno mengi ya kumalizia na *pa* yanayomfaa mjamzito. Ukifunika "kwa pupa" kwa kidole, sentensi inabaki salama na maana yake inaongezeka. Hiyo ndiyo njia ninayoitumia kulitambua neno la kujaza: lifunike, halafu uulize umepoteza nini. Hapa hupotezi chochote ila mizani tatu na kina.

Lakini pupa ni kosa dogo, la kuchekea. Kosa kubwa liko katika kitenzi kilicho mbele yake, ambacho watu hukipita bila kukitazama kwa sababu kimezoeleka mno. "Ulinibeba tumboni." Nani anasema hivi? Kwenye kadi anasema mtoto wa miaka mitano. Mtoto wa miaka mitano hajui kwamba alibebwa tumboni. Ameambiwa, sawa, na labda ameonyeshwa tumbo la shangazi yake, lakini hana kumbukumbu yake, hana picha yake, na ukimuuliza miezi tisa ni mirefu kiasi gani atakujibu kwa vidole. Anayejua tumbo ni mama. Kwa hiyo mshororo ule unamrudishia mama habari zake mwenyewe kwa mdomo wa mtu ambaye hakuwepo akiwa na macho wazi.

Na mishororo mingine ni hivyohivyo. Fadhila, thamani, elimu, kutosahau moyoni. Haya ni maneno ya mtu mzima anayetazama nyuma, aliyekwishaondoka nyumbani, aliyewahi kuwa na nafasi ya kusahau. Mtoto wa chekechea hawezi kuahidi kwamba hatamsahau mama yake. Amsahau vipi? Bado wanaoga beseni moja.

Nimefikiria kwa nini mwalimu akakimbilia sauti ile, nikaona halikuwa jambo la uvivu. Ushairi wetu una njia pana ya mzazi kumsemesha mtoto. Mwaka 1858 Mwana Kupona binti Mshamu, akiwa mgonjwa, alimtungia binti yake utendi wa mawaidha, na mpaka leo ukisema "mama na mtoto katika ushairi wa Kiswahili" ndio unaotajwa kwanza. Mzazi anausia, mtoto anasikiliza. Njia ya kurudi, mtoto mdogo kumsemesha mama, ni nyembamba zaidi. Basi anayetakiwa kuiandika kwa haraka Alhamisi jioni, na madaftari ya kusahihisha mezani, anachukua sauti anayoijua, ile ya mawaidha, anaigeuza uso na kuibandika kwa mtoto. Matokeo yake ni mzee mfupi.

Kuna hoja ya kumtetea, na mama mmoja kwenye grupu aliitoa vizuri nilipothubutu kunong'ona kuhusu pupa. Alisema mwalimu ana darasa zima, hawezi kumwandikia kila mtoto jambo lake, lazima aandike kitu kinachomfaa kila mama. Nilikubali, kisha nikakaa nalo, kisha nikaacha kukubali. Tumbo halimfai kila mama. Darasani mle kuna mtoto analelewa na bibi yake, na mwingine na mama wa kambo, na hao nao walipokea kadi iliyosema ulinibeba tumboni. Mshororo ulioonekana wa jumla kuliko yote ndio uliowaacha watu nje. Kumbe anayeandika jambo dogo, lililotokea sebuleni, anaweza kuingiza watu wengi kuliko anayeandika habari za mimba.

Nasema hivyo kwa sababu kadi yangu ilikuwa na nyuma.

Nyuma ya manila, kwa kalamu ya bluu na mwandiko nadhifu ambao si wa mtu wa miaka mitano, kulikuwa na mistari mingine minne:

*Mama, mimi sijalala,*
*najifanya nimelala,*
*ili unibebe tena*
*unipeleke kulala.*

Niliisoma nimesimama, mkoba ukiwa bado begani.

Kwanza nieleze asili yake, maana swali la nani mtunzi lina uzito hapa. Mwandiko ni wa mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, anayekaa kwangu na kusoma kidato cha tano. Aliniambia mdogo wake alikuwa amekasirika kwamba kadi imeandikwa na "ticha" na hajaandika yeye, akataka aandikiwe chake. Mpwa wangu akachukua kalamu, akamwambia haya sema. Na alichosema, kwa kadiri alivyokikumbuka, ni hiki: "Mama huwa silalagi. Najifanyaga nimelala ili anibebe anipeleke chumbani." Basi. Halafu akaenda kucheza.

Yaliyobaki aliyafanya mkubwa. Na hapa ndipo mhakiki anapata bahati ambayo haipati mara nyingi: ana udongo na ana chungu, vyote mezani.

Tazama alichobadilisha. "Anibebe" imekuwa "unibebe", kwa sababu kadi humsemesha mtu, haimsimulii. Hilo halina mjadala. "Chumbani" imekuwa "kulala" ili kina kipatikane. Mimi ningekiacha chumba, maana mtoto alitaja mahali na mahali pana mlango na giza lake, lakini naelewa. Kisha ikaja ile "silalagi". Nikamuuliza kwa nini ameiondoa, maana "mama huwa silalagi" ni mizani nane kamili, mtoto wa watu ameshuka nayo hivihivi kutoka mdomoni.

"Mama mdogo, ningeandika 'silalagi' si ningekatwa maksi?"

"Nani akukate? Hii ni kadi."

"Mazoea tu," akasema, akacheka.

Nilitaka kusikitika. Ile *-ga* ya mtaani ni mali: inasema jambo hili ni desturi, hutokea kila usiku, na kuiweka kwenye ubeti ni kumweka mtoto mwenyewe, wa Dar es Salaam, wa mwaka huu. "Najifanyaga nimelala" kweli ingevuka, mizani tisa, na wa utaratibu wangeguna. Lakini kadiri ninavyousoma mshororo wa kwanza kama ulivyo sasa, naona mpwa wangu, kwa kuogopa maksi, ameangukia kitu bora zaidi. "Silalagi" ni taarifa. Unaambiwa mchana, juu ya jambo la usiku. "Sijalala" inatamkwa palepale kwenye kochi, macho yakiwa yamefumbwa. Na hapo pana kichekesho na uchungu wake: mtu aliyejifanya amelala hawezi kusema "sijalala", maana akisema tu, mchezo umekwisha. Ni sentensi isiyoweza kusemwa wakati wake. Inahitaji karatasi. Ndiyo kusema ubeti huu una sababu ya kuwa kadi, tofauti na ule wa ndani ambao ungeweza kusomwa kwenye kipaza sauti cha mahafali bila kupungukiwa na kitu.

Tena fikirieni gharama yake. Mtoto ana hila moja, amekuwa nayo labda tangu akiwa na miaka mitatu, na hila inafanya kazi kwa sababu mama haijui. Katika kadi ya kumshukuru mama, anampa hila yenyewe. Ule ubeti wa ndani unaahidi fadhila zisizotupwa na haumgharimu mtoto chochote. Huu wa nyuma hauna neno asante hata moja na unamwacha mtoto mikono mitupu.

Wa utaratibu watasema vina ni vibovu. Lala, lala, lala: neno moja mara tatu, hicho si kina, hiyo ni kujirudia. Mwalimu wangu wa Kiswahili angekipigia mstari mwekundu. (Ubeti wa ndani nao umerudia "kupa" na "ukanipa", kitenzi kilekile, lakini kwa kuwa umevaa tai hakuna anayeuliza.) Ninachoona mimi ni kwamba lala hizi tatu hazifanani. Ya kwanza imekanushwa, ya pili ni ya uongo, ya tatu ndiyo usingizi wenyewe, ambao unakuja tu baada ya kubebwa. Mtoto anapita kwenye neno moja kama mtu anayepita sebuleni, kwenye korido, hadi kitandani. Ukimpa visawe umemwondolea safari.

Na umbo lake si geni kwetu. Mistari minne ya mizani nane nane ndiyo ubeti wa utendi, ule wa Mwana Kupona, ambamo vipande vitatu vya kwanza vinashika kina kimoja na cha nne kinaachana navyo kwenda kushika kina cha utendi mzima. Hapa kuachana kumehama. Vipande vya kwanza, pili na nne viko pamoja, na anayetoka nje ni wa tatu. Sikio linasubiri *la*, linapewa *na*. Linapewa "tena".

Nilijua kabla sijamaliza kusoma kwamba ubeti wote umeegemea neno lile. Lifunikeni kwa kidole kama tulivyofanya kwa pupa. "Mama, mimi sijalala, najifanya nimelala, ili unibebe unipeleke kulala." Inabaki hila ya mtoto mtundu, ya kupendeza, ya kucheka nayo. Rudisha "tena", na ghafla kuna wakati uliopita. Kumbe kulikuwa na kubebwa, na kumekoma. Kumbe hila haifanyi kazi siku hizi.

Kweli haifanyi. Nina zamu za jioni chumba cha habari, nafika nyumbani saa tatu, wakati mwingine saa nne kasoro. Zamani nilikuwa nikimkuta kwenye kochi namnyanyua, kichwa kinaangukia shingoni, nampeleka. Alipoanza chekechea mwaka jana nikasema huyu sasa mkubwa, na mgongo nao unalalamika. Tangu hapo namgusa bega: amka mama, nenda kitandani. Anaamka haraka sana, nilikuwa najiambia ana usingizi mwepesi. Anatembea mwenyewe na macho nusu. Mwaka mzima mtu amekuwa akijaribu hila kila usiku, na kila usiku inashindwa, na asubuhi yake hasemi.

Kwa hiyo mnaweza kuelewa kwamba swali langu kwa mpwa wangu halikuwa la mizani tu. Katika maneno aliyoyasema mtoto hakuna "tena". Nimeyapitia mara nyingi. Nikamuuliza limetoka wapi.

"Nilikuwa natafuta mizani mbili," akasema. "'Ili unibebe' ilikuwa sita."

Ni kweli, hesabuni: i-li-u-ni-be-be. Sita. Zinatakiwa mbili, na "tena" ni mbili. Kwa maelezo yake basi, neno bora kuliko yote kwenye kadi nzima, mbele na nyuma, ni la kujaza, ndugu halisi wa "kwa pupa". Yote mawili yameitwa na uhaba uleule wa silabi. Moja liliitwa likaja na haraka za tamaa kwenye tumbo la mjamzito, lingine liliitwa likaja na mwaka mzima wa usiku ndani yake. Siku nyingine ningeandika hapa kwamba ndivyo sheria za mizani zinavyofanya kazi: zinamlazimisha mtunzi kupiga hodi mahali ambapo asingepiga, na anayefungua mlango hajulikani. Wanaozilaani sheria hizi tangu Kezilahabi atoe *Kichomi* mwaka 1974, na mimi nimewahi kuwa mmoja wao, hutaja pupa zote na kusahau tena.

Sheria zinaeleza kwa nini pale palihitajika neno la mizani mbili. Hazielezi kwa nini akaja "tena" na asije "mama", ambalo pia ni mizani mbili na ndilo la kwanza kumjia mtu yeyote anayeandika kadi ya mama. "Ili unibebe, mama." Lingekaa vizuri kabisa na hata kina lisingemletea tabu zaidi. Nilimwambia hivyo. Akachukua kadi, akaisoma kimya, midomo ikihesabu.

Mama yake yuko Tabora. Wanaonana likizo, mara mbili kwa mwaka ikiwa nauli imepatikana, na alikuja kwangu akiwa darasa la pili.

"'Mama' nilikuwa nimeshaiweka juu," akasema. Akaikunja kadi, akanirudishia. Kisha akauliza kama simu yangu ina dakika, ampigie mama yake leo, maana Jumapili mtandao utakuwa na foleni.